Mkopo Mmoja, Majibu Matatu: Barua ya Ofisa Takwimu kwa Mameneja wa Matawi

Barua ya kuleta fomu mpya ya taarifa kwenye matawi huwa fupi. Ina kumbukumbu namba, ina kichwa kinachoanza na "YAH:", kisha inasema husika na somo la hapo juu, pokea kiolezo kilichoambatanishwa, kijazwe na kurejeshwa makao makuu ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi. Meneja wa tawi anaisoma kwa dakika moja, anampa ofisa mikopo, na siku ikifika faili linarudi likiwa limejaa. Kila mtu ametimiza wajibu wake. Lakini ofisa takwimu anapokaa kujumlisha namba za matawi yote, anagundua hazijumlishiki.

Chanzo chake kipo ndani ya barua yenyewe, au tuseme katika yale ambayo barua haikuyasema. Nitalieleza kwa kutumia aina ya taasisi ambayo wasomaji wengi wanaijua kwa karibu, yaani taasisi ya akiba na mikopo yenye makao makuu mjini na matawi wilayani. Tanzania taasisi hizi ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyozigawa katika madaraja manne, kuanzia zile zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa. SACCOS ziko daraja la tatu. Msimamizi wa sekta anataka taarifa moja ya taasisi nzima, hataki rundo la taarifa za matawi. Kwa hiyo kazi ya kuziunganisha inamwangukia ofisa takwimu wa makao makuu, na barua yake ndiyo inayoamua kama kazi hiyo itawezekana.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anayeuza mitumba alikopa shilingi 1,200,000 tarehe 15 Desemba 2024, arudishe kwa marejesho 12 ya 100,000 kila tarehe 15. Riba tuiweke pembeni ili hesabu isituchanganye. Alilipa Januari, Februari, Machi na Aprili bila shida. Mei hakulipa, Juni hakulipa. Siku ya kufunga hesabu, tarehe 30 Juni 2025, bado anadaiwa 800,000, na kati ya hizo 200,000 zimepita tarehe yake. Rejesho la Mei limechelewa siku 46.

Kiolezo kina mstari mmoja ulioandikwa "Mikopo chechefu". Tawi la kwanza litaandika 200,000, kwa sababu kwao mkopo chechefu ni fedha iliyopitiliza tarehe. Tawi la pili litaandika 800,000, kwa kuwa mteja aliyeruka marejesho mawili anaweza asilipe tena hata shilingi, hivyo salio lote liko hatarini. Tawi la tatu litaandika 0, maana wao wamezoea kuanza kuhesabu mkopo ukichelewa zaidi ya siku 90. Mkopaji ni yuleyule, deni ni lilelile, na hakuna hata mmoja kati ya mameneja hawa watatu aliyedanganya. Tawi lenye jumla ya salio la mikopo la 40,000,000 litaonekana lina mikopo mibaya ya asilimia 0.5, au asilimia 2, au haina kabisa, kutegemea mazoea ya nani yamefuatwa.

Kipimo kinachotumiwa sana katika taasisi za mikopo midogo ni kile cha tawi la pili: chukua salio lote la kila mkopo wenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, gawa kwa jumla ya salio la mikopo yote. Kimependwa kwa sababu kinaonya mapema. Tawi linalohesabu marejesho yaliyochelewa peke yake huonekana zima hadi siku mambo yanapoharibika, kwa kuwa kiasi kilichochelewa huongezeka kidogo kidogo, rejesho moja baada ya jingine. Taasisi inaweza kuchagua kipimo kingine kama ina sababu zake. Inachopaswa kukiepuka ni kuacha kila tawi lijichagulie.

Hapo ndipo barua nzuri inapoanzia. Kabla ya kusema jaza, inasema unahesabu nini. Hivi ndivyo ningeiandika:

"YAH: KIOLEZO KIPYA CHA TAARIFA YA MIKOPO YA MWEZI NA SIKU YA KUKIWASILISHA

Ndugu Meneja,

Kuanzia taarifa ya Juni 2025, matawi yote yatatumia kiolezo kimoja, kilichoambatanishwa. Taarifa mbili mlizokuwa mkituma, yaani jedwali la mikopo la kila mwezi na namba za kila Jumatatu kwa WhatsApp, zinakoma siku hiyohiyo. Msizitume tena.

Mkopo ulio hatarini, katika kiolezo hiki, ni mkopo wowote ambao rejesho lake, hata moja, limechelewa zaidi ya siku 30. Andika salio lote la mkopo huo, si rejesho lililochelewa peke yake. Mikopo iliyopangiwa upya muda wa kulipa ina safu yake. Usiichanganye na mingine.

Namba zote ziwe za mwisho wa siku ya tarehe 30 Juni. Malipo yaliyoingia tarehe 1 Julai na kuendelea ni ya Julai, hata kama mteja aliahidi kulipa Juni.

Faili lifike Jumanne tarehe 8 Julai 2025, kabla ya saa 10:00 jioni. Palipo na sifuri andika 0. Pasipojulikana acha wazi na eleza sababu katika safu ya maelezo. Usikadirie.

Kwa kuwa kipimo kimebadilika, matawi mengi yataona mikopo iliyo hatarini ikiongezeka kwa mara ya kwanza. Ongezeko hilo linatokana na namna ya kuhesabu. Makao makuu yatakokotoa upya taarifa za Machi, Aprili na Mei kwa kipimo hiki kipya, na tawi litalinganishwa na namba hizo, si na zile za zamani.

Mwenye swali aniulize kabla ya tarehe 4 Julai. Majibu yatatumwa kwa matawi yote.

Kny. Meneja Mkuu"

Mstari wa mwisho huo una uzito. Ofisa takwimu hana mamlaka juu ya meneja wa tawi. Mara nyingi ni mdogo kwake kwa cheo na hata kwa umri. Barua ikitoka kwa jina lake peke yake inasomwa kama ombi. Ikitoka kwa niaba ya Meneja Mkuu, nakala kwa Mkuu wa Fedha na Mkaguzi wa Ndani, inasomwa kama agizo. Ofisa mwenye busara pia huwapigia mameneja wawili au watatu wakubwa kabla barua haijatoka, akawasomea maana ya mkopo ulio hatarini na kusikiliza pingamizi zao. Kuna mambo hasa ya kusikiliza: tawi linalokopesha wakulima kwa rejesho moja baada ya mavuno, kwa mfano, halina marejesho ya kila mwezi ya kupimia, na mkopo wake unaweza kuonekana salama kwa miezi minane kisha ukaharibika wote kwa siku moja. Kiolezo kiuweke mkopo wa namna hiyo katika safu yake.

Aya inayosema namba zitaongezeka ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Fikiria meneja wa tawi la kwanza. Mei alitangaza asilimia 0.5. Juni, kwa kosa lisilo lake, fomu mpya inamtaka aandike asilimia 2. Anajua kwamba kikao cha mameneja kinakuja, na kwamba bango la matawi litaonyesha rangi nyekundu kwenye jina lake. Asipohakikishiwa mapema kwamba atapimwa kwa Mei iliyokokotolewa upya, atatafuta njia ya kuipunguza namba hiyo, na njia zipo. Iliyo rahisi kuliko zote ni kumwita yule mama wa mitumba tarehe 28 Juni, akampa mkopo mpya wa 800,000, na kuutumia papo hapo kuulipa ule wa zamani. Mkopo mbaya umefutika. Mkopo mpya ni wa siku mbili tu, hauwezi kuwa umechelewa. Fedha hazikutoka mlangoni, na mama bado hana cha kulipa.

Alama zake zinaonekana kwa anayejua pa kutazama. Mikopo iliyotolewa na marejesho yaliyopokelewa vyote hupanda siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, kwa kiasi kinachokaribia kulingana, na namba za wateja ni zilezile pande zote mbili. Ndiyo maana kiolezo lazima kiwe na safu ya mikopo iliyopangiwa upya na safu ya wateja waliolipa na kukopa tena ndani ya siku saba. Lakini safu hizo ni kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni ahadi iliyoandikwa ndani ya barua, na makao makuu kuitimiza ahadi hiyo kikao kinapofika.

Sasa siku ya kuwasilisha. "Ifikapo tarehe 5" ni maneno mepesi kuandika na mazito kutekeleza. Tarehe 5 Julai 2025 ilikuwa Jumamosi. Meneja mmoja angetuma Ijumaa, mwingine angesubiri Jumatatu, na Jumatatu hiyo ilikuwa Saba Saba. Ukihesabu siku za kazi kuanzia Jumanne tarehe 1 Julai, ukiruka Jumamosi, Jumapili na Saba Saba, siku ya tano ya kazi ni Jumanne tarehe 8. Barua itaje kanuni, yaani siku ya tano ya kazi, kisha iambatanishe orodha ya tarehe zenyewe za miezi kumi na miwili, ili kila tawi lisipige hesabu yake. Kwa Idd, ambayo hutegemea mwandamo, orodha iseme wazi kwamba tarehe itasogea siku moja iwapo mwezi utasogeza sikukuu.

Saa nayo itajwe kwa namna isiyo na tafsiri mbili. Saa 10:00 jioni kwa hesabu yetu ni 16:00 kwenye kompyuta. Nikiandika "saa 4" bila neno la mbele, mwingine ataelewa asubuhi katikati, mwingine ataelewa jioni kwa saa ya Kizungu, mwingine ataelewa usiku, na wote watakuwa na hoja. Tena ofisa asichanganye siku ya kufunga hesabu na siku ya kuwasilisha. Faili lililotumwa tarehe 8 Julai likiwa na malipo ya tarehe 3 Julai ndani yake limeharibika, hata kama limefika mapema. Na huharibika mara mbili: Julai, malipo hayohayo yatahesabiwa tena.

Kuhusu kiolezo chenyewe nitaeleza sehemu mbili tu, kwa sababu ndizo zinazoharibika kimyakimya.

Ya kwanza ni tarehe. Ofisa mikopo anaandika 05/06/2025 akimaanisha tarehe 5 Juni. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, inasoma tarehe 6 Mei. Kwa hesabu ya tarehe 30 Juni, rejesho la tarehe 5 Juni limechelewa siku 25 na mkopo hauingii hatarini. La tarehe 6 Mei limechelewa siku 55, na mkopo wote unaingia. Hakuna onyo litakalotokea kwenye kioo. Zaidi ya hapo, kompyuta hiyohiyo ikiandikiwa 15/05/2025 haioni mwezi wa 15, hivyo inaiacha kama maneno matupu, isiyohesabika. Ukikuta safu ya tarehe ambayo nyingine zimeegemea kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto, na hakuna aliyezipanga hivyo kwa mkono, umeshaliona tatizo: za kushoto ni maneno, na hata za kulia huenda zimegeuzwa. Dawa yake ni kiolezo kudai mwaka utangulie, 2025-06-05, na kisanduku kukataa kitu kingine chochote.

Ya pili ni namba ndefu. Violezo vingi huomba namba ya NIDA ya kila mkopaji ili kumtambua. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Andika 12345678901234567890 kwenye kisanduku cha kawaida nayo itabaki 12345678901234500000. Zile tano za mwisho zimepotea na haziwezi kurudishwa. Namba ya simu inayoanza na 0 nayo hupoteza sifuri yake ya mbele. Unaweza kuzuia hayo kwa kukipanga kisanduku kiwe cha maandishi kabla ya kujazwa, lakini kuna swali la kutangulia: makao makuu yanaihitaji namba ya NIDA kwa kazi gani? Kwa kuhesabu mikopo iliyo hatarini, namba ya mkopo inatosha kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo maalumu na zisizidi lengo hilo. Faili lenye majina, simu na NIDA za wateja mia tatu, linalozunguka kwa barua pepe kila mwezi, ni hatari isiyo na faida. Kiolezo kiombe namba ya mkopo, tarehe ya rejesho la zamani zaidi lisilolipwa, na salio. Vingine vibaki tawini.

Kisha kiolezo kijipime chenyewe. Salio la mwanzo wa mwezi, ongeza mikopo iliyotolewa, ondoa marejesho, ondoa mikopo iliyofutwa, ni lazima lilete salio la mwisho. Tawi letu la mfano lilianza Juni na 38,500,000, likatoa 6,000,000, likapokea 4,200,000 na kufuta 300,000. Limefunga na 40,000,000. Hesabu zikiwa zimeandikwa kwa mpangilio huo kuanzia kisanduku C3 hadi C7, kisanduku cha chini yake kinawekewa hivi:

```
=IF(C7=C3+C4-C5-C6,"SAWA","HAILINGANI")
```

Meneja akiona HAILINGANI anajua kabla ya makao makuu, naye ndiye mwenye vitabu vya kutafutia kosa. Mpaka wa ukaguzi huu ujulikane pia. Mtu aliyechoka saa za mwisho anaweza kubadili marejesho hadi neno SAWA litokee. Kwa hiyo ofisa takwimu analinganisha kitu kimoja zaidi ambacho tawi haliwezi kukirekebisha: salio la mwanzo wa Juni lazima liwe lilelile la mwisho wa Mei, shilingi kwa shilingi, na marejesho ya mwezi yakubaliane na taarifa ya benki na ya simu ya tawi. Salio la mwanzo likitofautiana, mtu amegusa mwezi uliokwisha fungwa.

Kosa likigunduliwa baada ya kutuma, tawi lisitume faili jipya lenye jina lilelile. Makao makuu yatabaki na mafaili mawili yasiyojulikana lipi ni lipi. Barua iweke kanuni ya jina, kwa mfano `2025-06_Njombe_1.xlsx`, na sahihisho liwe `2025-06_Njombe_2.xlsx` likiwa na sentensi moja inayotaja kilichobadilika. Mwaka ukitangulia katika jina, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa miezi.

Na tawi lililochelewa? Wengi hujaza pengo kwa namba ya mwezi uliopita ili jumla itoke. Wasifanye hivyo. Taarifa ya taasisi iandikwe "matawi sita kati ya saba", jina la tawi linalokosekana likitajwa, na jumla ibaki ya matawi sita. Namba ya kubahatisha ikishaingia kwenye jumla haionekani tena, na bodi itaamua juu yake bila kujua.

Mwezi wa kwanza utakuwa na makosa hata barua ikiwa nzuri kiasi gani. Ofisa takwimu atenge siku mbili kati ya tarehe 8 na siku ya kupeleka taarifa kwa Meneja Mkuu, awapigie simu mameneja mmoja mmoja, achukue mikopo mitano kutoka orodha ya kila tawi na kuuliza: huu umechelewa siku ngapi, na umejuaje? Majibu ya swali hilo yatamwonyesha ni aya ipi ya barua haikueleweka kuliko jedwali lolote.

Kwa meneja wa tawi anayesoma haya, neno langu ni hili. Ukipokea barua inayokutaka ujaze "mikopo chechefu" bila kusema ni kuanzia siku ya ngapi, ni salio au ni rejesho, na ni kwa hesabu ya tarehe gani, usijaze kwa mazoea. Andika maswali hayo matatu, yatume makao makuu siku hiyohiyo, na omba jibu lije kwa maandishi kwa matawi yote.